Naomba ushauri: jiwe lililorushwa kutoka juu ya genge

Wakuu, nimepiga picha ya mchoro wa swali hili, ila sehemu ya juu imekatika. Genge lina urefu wa mita 40, jiwe linarushwa kwa 20 m/s, pembe 30° na mstari wa mlalo, g = 10 m/s².

Nimechukulia linarushwa kwenda juu. Kasi ya wima ni 10 m/s:

−40 = 10t − 5t²

Napata t = 4 s au −2 s. Nikachukua 4, umbali wa mlalo ni 17.32 × 4 = mita 69.3.

Mwenzangu anasema linarushwa kwenda chini: sekunde 2, mita 34.6. Kinachonisumbua, hiyo 2 inafanana na jibu langu hasi! Je, ni bahati tu? Na kama mshale hauonekani vizuri, nitambueje mwelekeo?