Naomba ushauri: mume anabeti, tundu la mikopo ya simu tulizibeje?

Wakuu, naomba ushauri kuhusu familia ambayo mume anabeti. Mshahara wa mke tayari unaingia akaunti yake pekee, maana ile ya pamoja mmoja anaweza kuikomba yote bila mwenzake kujua. Mume amekubali kodi na ada zikatwe siku ileile mshahara wake unapoingia, na posho yake aipate kila wiki, si kwa mwezi, ili akipoteza asipoteze yote. Kila Jumapili wanapitia taarifa ya benki pamoja, bila kufokeana.

Kilichobaki ni mikopo ya simu. Anakopa usiku, na deni linajulikana likishaiva. Mke kushika kadi hakusaidii, laini ni ya mume. Mliowahi kuziba hapo, mlianzia wapi: yeye mwenyewe kuomba afungiwe na kampuni za kubeti, au kuleta taarifa ya mikopo yake kila mwezi?