Aegyo: madeko ya Kikorea yanapendeza lini, na lini yanatia soni?

Shabiki wa Kisauni: Jana naangalia kipindi cha Kikorea, mtangazaji akamwambia msichana wa kundi moja la muziki, "Tupe aegyo kidogo." Akafura mashavu, akaweka ngumi mbili mashavuni, akaongea kitoto. Nikacheka hadi machozi. Akaja mwenzake na vitendo vilevile, nikailaza simu kifudifudi kwa aibu. Tofauti iko wapi? Na je, ni haki mtu mzima kuamriwa adeke mbele ya kamera?

Mdau wa Daejeon: Nimeishi kule Korea miaka sita, na jibu langu liko kwenye vitenzi vyao. Mkorea ana namna mbili za kulisema hili. Anaweza kusema fulani "aegyo-ga manta", yaani anazo nyingi, ziko ndani yake, hata akiomba chumvi mezani utaziona. Au atasema fulani "aegyo-reul burinda", anazifanya. Sasa kitenzi hicho cha pili ndicho wanachotumia pia kwa mtu anayefanya ukaidi, uroho au ujanja. Ukikisikia, ujue msemaji keshamwona mwenzake anakusudia kitu. Aibu uliyoiona inaanzia hapo: yule wa pili ulimwona akikusudia.

Mzee Kibao: Msimzungushe mtoto wa watu. Hiyo ni biashara ya muziki, wameibuni ili wauze sura za wasichana. Mbona wanaume hawafanyi?

Mdau wa Daejeon: Mzee wangu, kuhusu biashara sikupingi, hasa ukisema wasichana ndio wanaodaiwa zaidi. Lakini neno lenyewe ni la zamani kuliko makundi hayo, limetoka kwenye herufi za Kichina, na Wajapani nao wanalo kwa matamshi yao. Na wanaume wanafanya. Ule mchezo wa gwiyomi, wa kuhesabu vidole ukivileta mashavuni, ulianzishwa mwishoni mwa 2012 na kijana wa kiume, Ilhoon wa kundi la BTOB. Wimbo wa mwimbaji Hari ulioueneza duniani ulifuata 2013.

Mama Nasra: Jamani, mimi nilidhani aegyo ni kale kauvimbe chini ya jicho ambako mabinti wanakapaka rangi ya kung'aa! Mwanangu ameninunulisha kalamu yake.

Mdau wa Daejeon: Hiyo ni aegyo-sal, mama. "Sal" ni nyama ya mwili. Kanatokeza mtu akitabasamu, ndiyo maana kakapewa jina hilo. Mwanao hakukudanganya.

Shabiki wa Kisauni: Turudi kwenye swali langu. Nipe mfano mmoja uliofanikiwa, unieleze kwa nini.

Mdau wa Daejeon: Hyeri wa kundi la Girl's Day, 2014. Kipindi cha televisheni ya MBC kiitwacho Jinjja Sanai kiliwapeleka wanawake maarufu kwenye mafunzo ya jeshi. Kuna mkufunzi mmoja mkali, hacheki. Siku ya kuagana Hyeri ana majonzi, mkufunzi bado kamkazia sauti ya kijeshi. Binti akajitikisa mabega na kutoa mlio mmoja tu, "iing!", kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Ni sekunde moja hivi. Yule mkufunzi akashindwa kuzuia tabasamu. Kipande kile kilizagaa nchi nzima, na matangazo ya biashara yakamfuata binti.

Angalia vilivyombeba. Kwanza hakuna aliyemwagiza. Pili, alikuwa na sababu: kuna mtu mkali mbele yake na ukali ule unamuumiza, madeko yakawa ndiyo jibu. Tatu, aliacha palepale. Na watazamaji walikuwa wamemwona kwa siku kadhaa akila kwa pupa na kupambana na mazoezi bila kujali sura, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kudhani anaigiza.

Binti wa Upanga: Kaka Mdau, ila baadaye kila kipindi alichoalikwa walimtaka arudie "iing" ileile. Ilipendeza?

Mdau wa Daejeon: Kwangu, hapana. Kuna wanaosema ilipendeza kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaicheka huku anaifanya.

Binti wa Upanga: Nami nitoe langu. Nafanya kazi na Wakorea hapa Dar, na kwenye ujumbe wa simu aegyo ipo kila siku bila mtu kuitaja. "Ndiyo" yao ni "ne". Ukimwandikia bosi "ne" tupu, inasomeka kama umenuna. "Nep" ni ya kikazi, kama kusema "sawa bosi" huku umesimama wima. Ukiongeza ng, "neng", umelainisha, kuna tabasamu ndani yake. Hata wanaume wananiandikia "neng", na hakuna anayeona soni. Wanafanya hivyohivyo kwa "annyeonghaseyo": inakuwa "annyeonghaseyong". Adabu yote imebaki, kilichoongezeka ni mvumo wa puani tu.

Lakini kuna usiku wa chakula cha jioni, mkubwa mmoja akamwambia dada mwenzetu Mkorea, mbele ya meza nzima, "Mbona leo huna aegyo?" Dada akatabasamu, akafanya ishara ya moyo kwa vidole, wote wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Mkono wa pili, chini ya meza, ulikuwa umekunja kitambaa cha mezani mpaka kikajaa makunyanzi. Tangu siku hiyo sisemi tena kuwa ni mchezo tu.

Mzee Kibao: Sasa hapo tumeelewana.

Mwanahamisi wa Tanga: Mimi naona mnakuza. Kudeka hata kwetu kupo. Mke akimdekea mumewe, au binti akimdekea babake apate hela ya saluni, nani anashangaa? Tofauti yetu na Wakorea ni kwamba sisi tunayafungia mlango.

Mdau wa Daejeon: Dada Mwanahamisi, wao pia wana mipaka. Kuna kusema kwa kitembe, wanakuita kuongea kwa ulimi mfupi. Upo msemo maarufu ambao wasanii huombwa wautamke: "Nimeota ndoto, nimeota mzimu." Mwisho wa kitenzi unatakiwa uwe "sseo", wao wanaugeuza "tto", kama mtoto wetu anayeomba "tukali" akitaka sukari. Kati ya wapenzi kwenye simu ni tamu. Ukiutamka ofisini, watu watakwambia mikono na miguu yao imejikunja; huo ndio msemo wao wa kuona aibu kwa niaba ya mtu. Na "neng" ya Binti wa Upanga inapita ofisini kwa sababu ni chembe moja tu ya sauti.

Shabiki wa Kisauni: Ila kwenye vipindi hiyo mikono kujikunja ndiyo burudani yenyewe. Wanamchagua yule mwenye sura ya kazi, wenzake wanaziba macho, na sisi tunacheka.

Mdau wa Daejeon: Kweli, na akikubali kuwa kichekesho, soni inageuka utani. Shida ni kwamba kutoka sebuleni huwezi kujua kama amekubali.

Binti wa Upanga: Mkono wa chini ya meza hauonekani kwenye kamera.

Mwanahamisi wa Tanga: Bado sijashawishika. Msanii analipwa kwa hilo, dada wa ofisini halipwi. Msiwaweke kapu moja.

Shabiki wa Kisauni: Nimekiangalia upya kile kipindi. Yule wa kwanza alifanya mara moja, akaficha uso, mtangazaji akaendelea na mengine. Yule wa pili aliambiwa arudie mara tatu. Mara ya tatu alianza kabla hajamaliza kuambiwa, na mashavu yalishuka palepale kamera ilipomwacha.