Wakala anatamba gharama imeshuka, na wateja nao wameshuka!

KiboMashariki (Moshi): Wakuu, nimechoka kufanywa mjinga. Kampeni ya kupanda Kilimanjaro kwenye Google Ads ilikaa wiki nne kwenye Maximize clicks, ile ya kusaka kliki nyingi: dola 800, kliki 1,600, fomu za maulizo 10. Wakala akahamia Target CPA, ile ya kuitajia Google bei unayotaka kwa kila ulizo, akaweka dola 40. Wiki nne: dola 210 tu, kliki 150, fomu 4. Leo kaleta ripoti eti kila ulizo limeshuka kutoka dola 80 hadi 52, tumpongeze. Nimpongeze kwa simu isiyoita? Bajeti ipo, haitumiki!

Sakina_Digito: Maximize clicks ni takataka mkuu, inaokota kliki za bei chee. Kaa hapo hapo kwenye Target CPA, itajifunza yenyewe.

FundiNjiro: Itajifunza kwa kipi, fomu 4? Kosa ni ile 40. Ulizo lilikuwa linakugharimu 80, yeye kaagiza nusu yake siku ya kwanza, basi mfumo unaacha minada mingi ya matangazo unayoiona ghali. Ndiyo maana pesa inabaki. Aanzie karibu na 80, aache wiki mbili bila kugusa, kisha ashushe kidogo kidogo, asilimia 10 hivi kwa mara. Kila akirukaruka na namba, mfumo unayumba upya.

Halafu fomu huandikwa kwenye siku ya kliki, si siku iliyojazwa. Mzungu anabofya leo, anajaza baada ya siku kumi. Wiki ya mwisho ya ripoti yako bado haijaiva.

MamaKiborloni: Samahani, na mimi nina gesti, nikibusti posti Instagram napata lika nyingi ila hakuna anayelala. Ni hii hii?

FundiNjiro: Hapana dada, hiyo fungulia uzi wake. KiboMashariki, zile fomu 10 ulizisoma?

KiboMashariki: Tatu ni vijana wanaomba kazi ya upagazi. Zile 4 za sasa zote ni watalii.

FundiNjiro: Umeona! Basi Maximize clicks ilikupa maulizo 7 ya kweli, dola 114 kila moja. Fungua ripoti ya Search terms uone watu walitafuta nini, zuia maneno ya ajira, na fomu ya kazi isihesabiwe, maana Target CPA ikihesabu waomba kazi itakutafutia wengine. Ukishazitoa, hata 80 ni ndogo; anzia 110.

Sakina_Digito: Si afanye Experiments, nusu kwa nusu, wiki zile zile? Kulinganisha mwezi na mwezi mwingine msimu unadanganya.

FundiNjiro: Hapo uko sawa, ila maulizo 7 ukiyagawa mara mbili kila upande unabaki na matatu. Utamtangaza nani mshindi?

Sakina_Digito: Aendeshe miezi mitatu.

KiboMashariki: Miezi mitatu nalipa wakala kila mwezi? Kwanza aeleze ile 40 aliitoa wapi.