Kundi la Mtaa, Tukuyu: tarehe za kupeleka parachichi

Atupele: Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Faili la Excel la zamu za kupeleka parachichi limeingia tarehe za ovyo tena. Mkulima mmoja kaandikiwa 6/6/2026, ambayo ni Jumamosi, na mzigo unapokelewa Jumatatu mpaka Ijumaa tu. Mwingine kaandikiwa mwaka 2062. Nataka seli yenyewe ikatae. Tarehe ziko safu ya B kuanzia B2.

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo siku za kupokea zimebadilika? Vijana wangu wanachuma Alhamisi.

Atupele: Hazijabadilika mama, wachume tu. Naongelea faili la kuandikia.

Lusajo: Hiyo ndogo. Chagua seli, nenda Data, Data Validation, kwenye Allow weka Date, kisha between 1/1/2026 na 31/12/2026. Kwisha.

Anko Ipyana: Lusajo, hapo umefunga mwaka tu, Jumamosi bado inapita. Tena Januari itabidi mtu akumbuke kubadilisha hizo tarehe mbili, na hakuna atakayekumbuka. Atupele, weka kidole B2, buruta mpaka B200, kisha Data, Data Validation. Kwenye Allow chagua Custom, na kwenye Formula andika hivi:

```
=AND(ISNUMBER(B2),WEEKDAY(B2,2)<6,YEAR(B2)=YEAR(TODAY()))
```

Halafu nenda Error Alert, hakikisha Style ni Stop. Ukiweka Warning, mtu anabonyeza Yes na tarehe mbaya inaingia. Ujumbe uandike kwa Kiswahili: "Jumatatu hadi Ijumaa tu, mwaka huu."

Lusajo: Sawa anko, nimekubali. Ila hiyo ,2 si ya lazima, WEEKDAY(B2)<6 inatosha.

Anko Ipyana: Ni ya lazima kabisa. Usipoiweka, Excel inaanza kuhesabu Jumapili kuwa 1, kwa hiyo Ijumaa ni 6 na Jumamosi ni 7. Ukisema chini ya 6, Jumapili inapita na Ijumaa inakataliwa. Ukiweka 2, Jumatatu ndiyo 1 na Jumapili ni 7, na siku tano za kazi zinakaa pamoja. Ukiona mtu analalamika kwamba Ijumaa inakataa, angalia hapo kwanza.

Atupele: Nimeweka. Lakini B9 nimeandika 6/6/2026 kuijaribu, na imekubali!

Anko Ipyana: Ulibofya herufi B ya juu ukachagua safu nzima?

Atupele: Ndiyo.

Anko Ipyana: Ndiyo sababu. Fomula inasomwa kuanzia seli uliyosimama, na wewe ulisimama B1, kwenye kichwa cha safu. Umeiambia B1 iitazame B2, kwa hiyo kila seli inaitazama ya chini yake, na B9 inaitazama B10. Kwenye B10 kuna nini?

Atupele: Kuna 8/6/2026.

Anko Ipyana: Jumatatu. B10 ni sahihi, kwa hiyo B9 ikaruhusiwa. Futa kanuni kwa Clear All, chagua upya B2 mpaka B200 ukianzia juu, uandike fomula ileile. Na usiweke alama za dola kwenye B2, la sivyo seli zote zitaitazama hiyo moja.

Atupele: Sasa imekataa Jumamosi. Ila kwenye laptopu ya ofisi ya kukusanyia parachichi, 15/6/2026 inakataliwa. Si ni Jumatatu?

Anko Ipyana: Jumatatu kweli. Jaribu 5/6/2026.

Atupele: Imekubali.

Anko Ipyana: Basi hapo ndipo penye hatari, jamani. Laptopu hiyo inasoma mwezi kwanza, mtindo wa Marekani. Wewe umeandika tarehe 5 Juni, ambayo ni Ijumaa. Yenyewe imehifadhi tarehe 6 Mei, ambayo ni Jumatano. Zote mbili ni siku za kazi za mwaka huu, kwa hiyo kanuni haina cha kukataa na mkulima anawekewa zamu ya mwezi mwingine. Ile 15/6 imekataliwa kwa sababu hakuna mwezi wa 15, ikabaki maandishi tu. Kwa hiyo dalili ni hii: tarehe 1 mpaka 12 nyingi zinaingia, kuanzia 13 zinagoma zote. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, uweke mtindo wa siku kwanza. Zilizokwishaingia vibaya hazitajirekebisha, inabidi uzipitie kwa daftari.

Kisha chagua hizo seli, Format Cells, Custom, uandike:

```
ddd dd-mmm-yyyy
```

Ukiandika 5/6/2026 seli itaonyesha Fri 05-Jun-2026, na karani ataona kosa hapohapo.

Lusajo: Na ISNUMBER kazi yake nini, kama maandishi yanakataliwa tayari?

Anko Ipyana: Swali zuri. Si maandishi yote yanayokataliwa. Seli ikiwa imewekwa Text, 5/6/2026 inakaa kama maneno, lakini WEEKDAY na YEAR zinajitahidi kuyageuza kuwa tarehe na kuyapitisha. Baadaye ukipanga kwa tarehe, hayo yanajikusanya chini peke yake. ISNUMBER inayazuia mlangoni.

Subira: Kwetu wanajaza Google Sheets kwa simu. Fomula ileile?

Anko Ipyana: Ileile, chagua Custom formula is na Reject input. Mambo ya mwezi kwanza huko yako File, Settings, Locale.

Atupele: Nimepesti majina na tarehe thelathini kutoka faili la zamani, mbili ni Jumapili na hakuna kilicholia.

Anko Ipyana: Kupesti hakukaguliwi. Tena kupesti kwa kawaida kunaifuta kanuni yenyewe kwenye hizo seli. Ukitumia Paste Special, Values, kanuni inabaki lakini bado haikagui. Ukimaliza, rudishia kanuni kama imefutika, kisha bonyeza mshale wa Data Validation, Circle Invalid Data. Makosa yatazungushiwa duara jekundu.

Mama Neema: Na Saba Saba? Mwaka huu ni Jumanne, mtapeleka?

Anko Ipyana: Mama umeona mbali. Fomula inajua siku za wiki, haijui sikukuu. Nane Nane mwaka huu ni Jumamosi, hiyo inajikataa yenyewe, lakini 7/7/2026 itapita. Fungua shiti uiite Sikukuu, andika tarehe kuanzia A2, kisha fomula iwe:

```
=AND(ISNUMBER(B2),WEEKDAY(B2,2)<6,YEAR(B2)=YEAR(TODAY()),COUNTIF(Sikukuu!$A$2:$A$20,B2)=0)
```

Hapo dola zinatakiwa, orodha isihame. Idd zinasubiri mwezi, hizo mtaongeza kwa mkono.

Lusajo: Lakini Saba Saba hatujaambiwa kama hawapokei.

Atupele: Nitawapigia leo. Na Desemba je? Tukitaka kumwandikia mtu zamu ya 4/1/2027?

Anko Ipyana: Itakataa mpaka tarehe 1 Januari, maana TODAY inafuata saa ya kompyuta. Unaweza kuruhusu mwaka unaofuata pia, ila hapo mwaka ukikosewa kwa tarakimu moja unaweza kupita. Mimi ningeacha ikatae, zamu za Januari zikae kwenye daftari. Lusajo unaonaje?

Lusajo: Mimi ningeruhusu, Desemba tu.

Mama Neema: Atupele, ukiwapigia waulize na ile Jumatatu ya 15, maana jina langu silioni.