Naomba ushauri: jedwali la wageni wa sendofu, hesabu ya kila meza

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Niko kamati ya sendofu ya mdogo wangu na mimi ndo nimepewa orodha ya wageni, nimeiweka Eksel. Safu A jina, B kadi (singo au dabo), C kadi imefika au bado, D jibu, E watakuja wangapi, F chakula, G namba ya meza.

Mwanzo nilikua nahesabu Ndiyo tu, kumbe hapo unapata kadi sio vichwa. Chukua meza ya 4, viti 10, kadi 6: dabo nne singo mbili. Waliojibu Ndiyo ni dabo tatu na singo moja, ila dabo moja anakuja peke yake, so vichwa ni 6 sio 4. Sasa natumia hii na inakubali:

```
=SUMIFS(E:E,G:G,4,D:D,"Ndiyo")
```

Shida iko kwenye chakula. Kuna dabo mume hali nyama kabisa, mke ana kisukari, na wote wako mstari mmoja, nikiandika vyote viwili kwenye F hesabu ya mpishi inavurugika. Nigawe kila mtu mstari wake au niongeze safu?

Na hao wasiojibu, pale meza ya 4 bado dabo moja na singo moja yaani viti vitatu, mnawahesabu kwa mpishi au mnawaacha? Maana wabongo hawajibu ila siku yenyewe wanatokea, tena na watoto 😅