Nimepigwa laki mbili na nusu: "linokati 17/40" kumbe imetoka mashineni

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Mwezi uliopita niliona mtandaoni picha ya jahazi, tanga jekundu, bahari nyeusi. Muuzaji akaapa imechapwa kwa mkono kutoka ubao wa lino uliochongwa, nakala arobaini tu duniani. Chini kushoto pameandikwa 17/40 kwa penseli, kulia kuna sahihi. Nikatuma 250,000, boda akaileta Sinza, nikaitundika sebuleni.

Juzi shemeji kaja, kaitazama, kasema ofisini kwao kuna kama hiyo. Nikamwambia aipige picha. Jamani, 17/40! Si 18, si 23. Nikaziweka sambamba kwenye simu: mkia wa sahihi unagusa ukingo wa jahazi palepale, na ile 7 ina mkwaruzo uleule. Nani anasaini mara mbili bila kupishana hata unywele? Muuzaji ananijibu, "Ni orijino dada, si ina namba?"

Kijana wa Mbagala: Pole sana. Chukua kioo cha kukuzia, ukiona doti ni feki. Kazi imeisha.

Mchapaji Mstaafu: Haijaisha, kijana. Wapo wanaochapa kwa skrini ya kitambaa na doti wanaziweka kwa makusudi, na kazi ni yao halali. Swali ni doti za rangi gani. Dada, likaribie hilo tanga jekundu, utuambie unaona nini.

Mleta uzi: Nimeazima kioo cha fundi saa. Wekundu haupo! Kuna doti za waridi na za njano, zimejipanga duara duara kama vimaua. Kwenye bahari nyeusi zimo hadi za buluu.

Mchapaji Mstaafu: Basi umemaliza. Vimaua hivyo ni vya ofseti, mashine inayochapa kalenda na magazeti kwa rangi nne. Ingetoka kwenye printa ya wino, doti zingetawanyika kama vumbi bila mpangilio. Wekundu wa lino ni wino mmoja uliokorogwa kabla ya kupakwa kwa rola. Pale rola iliporuka unaona weupe wa karatasi, huoni rangi nyingine. Sasa sogeza kioo kwenye sahihi.

Mleta uzi: Nayo doti! "Penseli" yenyewe ni doti nyeusi ndogondogo.

Mchapaji Mstaafu: Penseli ya kweli inang'aa kidogo ukiinamisha karatasi, na unga wake unakaa juu ya vinyweleo vya karatasi. Hiyo yako ilipigwa picha pamoja na jahazi, ndiyo maana wote mna 17.

Mama Kigamboni: Mnanitisha. Mimi nina Tingatinga ya chui niliyonunua Morogoro Stores, haina namba popote. Nayo feki?

Mchapaji Mstaafu: Hapana mama, hayo ni mambo mawili. Ule ni mchoro wa brashi, unachorwa mmoja mmoja, wa kuhesabiwa nini? Ungekuwa na 17/40 ndipo ningeshtuka. Ukiuangalia kwa taa ya ubavuni, rangi yake ya mafuta inaonyesha njia za brashi.

Kijana wa Mbagala: Sawa mzee, lakini sisi tunanunua kwa kuona picha tu. Hicho kioo nitakipitisha wapi?

Mchapaji Mstaafu: Hapo una hoja. Picha ya karatasi nzima haina doti hata ukiikuza vipi, zimeshamezwa. Mwombe muuzaji apige kona moja kwa karibu sana, bila kioo cha fremu, na akitumia Wasapu aitume kama dokumenti isibanwe. Kisha apige nyingine tochi ikiwa imelala ubavuni. Wino wa lino huwa unarundikana kwenye kingo za umbo, unaona kituta chembamba. Ila usitafute lazima karatasi iliyobonyea: wengine tunasugua kwa mgongo wa kijiko, karatasi inabaki karibu tambarare.

Kijana wa Mbagala: Na kama kopi ya mashine imesainiwa kwa penseli ya kweli, na namba kila moja yake?

Mchapaji Mstaafu: Zipo, tena nyingi. Hapo namba inakuambia tu kuwa kuna mtu alihesabu. Wenzangu wengine wanaziita halali mradi muuzaji aseme wazi ni kopi. Mimi siafiki, na tumebishana miaka.

Mleta uzi: Nimerudi kwenye ukurasa wake, nikapekua machapisho ya nyuma. Jahazi lipo mara tatu: fremu ya mninga, fremu nyeusi, na lingine bila fremu. Nimekuza zote. 17/40, 17/40, 17/40. Lilikuwa wazi muda wote na mimi nikaangalia tanga tu. Nimemtumia hizo picha tatu, hajajibu neno, na sasa ukurasa wake siuoni tena.