Ushauri: Shilingi ya kidijitali ya Benki Kuu, Bitcoin na salio la benki, tofauti iko wapi? (Kikundi, Kibaigwa)

MhaziniKibaigwa
Habari za leo wakuu. Nashika uhazini wa kikundi cha wakamuaji alizeti hapa Kibaigwa. Tuna shilingi 18,000,000 benki, tunasubiri msimu tununue mbegu za kukamua. Mwanachama mmoja ametuletea kijana anayesema Benki Kuu imetoa shilingi ya kidijitali, kwamba ni kama Bitcoin ila ina mkono wa serikali, na ukiweka pesa unapata asilimia 6 kila mwezi. Apu yake ina nembo kabisa. Anasema pia pesa ya benki si salama kwa sababu benki inaweza kufa. Kikao ni Jumamosi na wanachama wengi wameshaanza kulainika. Naomba kueleweshwa: hivi vitu vitatu vinatofautiana wapi hasa? Na hilo la benki kufa lina ukweli?

Njia ya Bahi
Mhazini, tuanze na hiyo apu ili kikao kisikukute bila jibu. Benki Kuu ya Tanzania haijatoa shilingi ya kidijitali kwa wananchi. Januari 2023 ilitoa taarifa kwa umma kwamba inalifanyia kazi jambo hilo hatua kwa hatua na kwa tahadhari. Anayewauzia leo anauza kitu ambacho hakipo. Na asilimia 6 kwa mwezi peke yake inatosha kumtia shaka. Sarafu za kidijitali za benki kuu za kweli, kama Sand Dollar ya Bahama iliyotoka Oktoba 2020 na eNaira ya Nigeria iliyotoka Oktoba 2021, hazilipi riba hata senti, na zimeundwa hivyo makusudi.

Sasa tofauti. Kwa kila kimoja jiulize: nani ananidai, nani namdai? Ile 18,000,000 mnaidai benki yenu. Haijalala kwenye kasha ikiwasubiri. Sehemu kubwa imekopeshwa kwa watu wengine, na salio mnaloliona ni ahadi ya benki kuwalipa mkitaka. Noti ya 10,000 mfukoni ni tofauti, hiyo ni deni la Benki Kuu yenyewe. Shilingi ya kidijitali ikija itakuwa deni la aina ya noti, ila linakaa kwenye simu. Kwa Bitcoin humdai mtu yeyote. Ni maandishi kwenye daftari ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye uwezo wa kuyahamisha. Hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Mtu wa Majengo
Njia ya Bahi umeeleza vizuri ila hapo kwenye "haijatoa" sikubaliani sana. Mbona tuna TIPS? Natuma kutoka benki kwenda mtandao wa simu dakika hiyo hiyo, na mfumo ni wa Benki Kuu. Si ndiyo pesa ya kidijitali ya Benki Kuu hiyo hiyo?

Njia ya Bahi
Mtu wa Majengo, mfumo ni wa Benki Kuu kweli, hapo uko sawa. Lakini TIPS ni njia ya kupitishia, si pesa. Kabla hujatuma ulikuwa unaidai benki yako, na baada ya kutuma mpokeaji anaidai benki yake au kampuni ya simu. Hakuna hata sekunde moja ambayo mwananchi anakuwa anaidai Benki Kuu. Zinazodai Benki Kuu ni benki zenyewe, kwa sababu zina akaunti kule.

Nionyeshe kwa 1,000,000 ya kikundi cha Mhazini, tuihamishe mara tatu.

Mkiituma benki nyingine, benki yenu inapunguza deni lake kwenu na ile nyingine inaongeza. Nyuma ya pazia 1,000,000 inatoka kwenye akaunti ya benki yenu kule Benki Kuu na kuingia kwenye akaunti ya ile nyingine. Ukizijumlisha benki zote, amana za wananchi ziko pale pale.

Mkinunua Bitcoin kwa mtu wa Arusha, 1,000,000 inaenda kwenye akaunti yake na Bitcoin inakuja kwenye anwani yenu. Watu wengi hawalioni hili: shilingi haikugeuka kuwa Bitcoin. Imebadili mwenyewe tu, bado imo ndani ya benki za hapa.

Sasa tuseme shilingi ya kidijitali ipo, mnahamisha 1,000,000 kwenda huko. Deni la benki kwenu linapungua 1,000,000, akaunti yake kule Benki Kuu inapungua 1,000,000 vilevile, na Benki Kuu sasa inawadai nyie... samahani, nyie ndio mnaidai Benki Kuu. Safari hii pesa imetoka kabisa kwenye benki za biashara. Fikiria uvumi unaanza Ijumaa usiku kwamba benki fulani inayumba. Leo wanaotaka noti wangepanga foleni Jumamosi asubuhi, na foleni ina mwisho. Pesa ikihamia Benki Kuu kwa simu, benki inaweza kumaliziwa akiba usiku mmoja, ilhali mikopo iliyowapa wakulima hairudi mpaka mavuno.

Ndiyo maana sarafu za benki kuu kama hizo za Bahama na Nigeria zinawekewa kikomo na hazilipi riba. Bahama, pochi ya ngazi ya chini inaruhusiwa kushika dola 500 za kwao, basi. Kwa hiyo hata ingekuwa ya kweli, Mhazini, 18,000,000 za msimu huenda zisingeenea humo. Ni pesa ya kulipia vitu, haikukusudiwa kuwa ghala la akiba.

Chamwino_Juu
Mimi nina USDT kwenye soko la sarafu la mtandaoni, dola kama 300. Hiyo si ndiyo dijitali ya benki kuu ya Marekani? Maana haipandi wala kushuka.

Njia ya Bahi
Hapana ndugu. USDT inatolewa na kampuni binafsi inayoahidi kwamba kila moja ina dola moja ya akiba nyuma yake. Unaidai kampuni hiyo, na kwa kuwa umeiacha sokoni, kwa vitendo unalidai soko, maana funguo wanashika wao. Kimuundo iko karibu zaidi na salio la benki kuliko Bitcoin, ila haina bima.

Dada Ipagala
Nijibu swali la pili la Mhazini, maana limepitwa. Benki kufa kuna ukweli. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwemo Efatha, Covenant na ile ya jamii ya Njombe. Waliokuwa na amana walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana, kikomo wakati ule 1,500,000 kwa mwenye amana. Sasa kikomo ni 7,500,000.

Kwa hesabu yenu: benki ikifungwa leo mkiwa na 18,000,000, bima inalipa 7,500,000. Ile 10,500,000 inayobaki mnaidai kwenye ufilisi, yaani mnasubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe. Inaweza kuchukua miaka na inaweza isirudi yote. Kikomo ni kwa kila benki, kwa hiyo mkigawa 6,000,000 katika benki tatu zenye leseni, zote ziko chini ya bima. Gharama yake ni makato ya akaunti tatu na watia saini kuzunguka, jambo ambalo kwa kikundi cha Kibaigwa ni usumbufu wa kweli. Mimi ningeanza na benki mbili.

Kijana amechukua ukweli huu akaufanya chambo. Mwulizeni jambo moja: apu yake ikifungwa, nani analipa hata hiyo 7,500,000?

Mtu wa Majengo
Nimekuelewa kuhusu TIPS, Njia ya Bahi. Lakini basi si bora Bitcoin? Haifilisiki, haina wa kuifunga, na mwisho ni milioni 21 tu.

Njia ya Bahi
Haifilisiki kwa sababu haikukuahidi kitu. Mbegu mnanunua kwa shilingi, mkuu. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000, na Novemba 2022 ikashuka chini ya dola 16,000. Kikundi kilichoingiza 18,000,000 kileleni kingetoka na kama 4,000,000 msimu uliofuata. Ilipanda tena baadaye, lakini alizeti haisubiri.

Halafu funguo. Benki, mhazini akifariki mnapeleka muhtasari wa kikao na kubadilisha watia saini. Bitcoin, kama maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi alikuwa nayo yeye peke yake, pesa imekwenda. Kuna mpangilio wa funguo tatu ambapo mbili zinatosha kusaini, na huo unafanana na watia saini wenu wa sasa, ila unahitaji watu watatu wanaojua wanachofanya na wanaohifadhi nakala mahali tofauti. Ukikosea anwani hakuna wa kurudisha muamala. Tena Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini, kwa hiyo mkidhulumiwa mtapata shida ya pa kuanzia.

Kijiwe cha Nkuhungu
Hamjagusa jambo kubwa. Hiyo ya Benki Kuu ikija, serikali itaona kila senti na itaweza kuipa tarehe ya kufa. China walifanya, pesa ikaisha muda.

Dada Ipagala
Shenzhen, Oktoba 2020. Watu 50,000 walishinda yuan 200 kila mmoja kwa bahati nasibu, na zisizotumika ndani ya wiki moja zilirudishwa. Zilikuwa za zawadi, hawakugusa mishahara ya watu. Lakini imeonyesha kwamba kiufundi inawezekana, hapo nakubaliana nawe. Kuhusu kuonekana, salio la benki nalo linaonekana na vyombo vya sheria wakifuata taratibu, na miamala ya Bitcoin iko wazi kwa dunia nzima, ingawa majina hayapo.

Kijiwe cha Nkuhungu
Benki lazima waombwe kwanza. Benki Kuu ikishika daftari yenyewe, nani atamwomba nani?

Njia ya Bahi
Inategemea sheria itakayoandikwa. Kuna miundo ambayo benki na kampuni za simu zinashika majina ya wateja, Benki Kuu inaona kiasi tu. Hapa kwetu muundo haujatangazwa, hivyo hoja yako ina haki ya kuwa mezani.

MhaziniKibaigwa
Nawashukuru sana. Nitachapisha jibu la Dada Ipagala nilisome kikaoni. Swali la mwisho: tuko wanachama 22. Hiyo 7,500,000 ya bima ni kwa kila mwanachama au kwa kikundi kizima?

Dada Ipagala
Akaunti ikiwa kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, chukulieni kikundi ni mwenye amana mmoja, mpange pesa zenu kwa dhana hiyo. Ila usiende na neno langu. Andikeni barua kwa Bodi ya Bima ya Amana, muweke namba ya usajili wa kikundi na aina ya akaunti, mpate jibu la maandishi. Na kuhusu kijana, wapigieni Benki Kuu au mfike ofisi zao za Dodoma, barabara ya Jakaya Kikwete, na picha ya hiyo nembo kwenye apu. Mfanye hivyo kabla ya Jumamosi, kwa sababu akishapokea za watu watano hao watano ndio watakaomtetea kikaoni.